Nani Alimuua Nerevar? Nyaraka Zinazopingana katika Mchezo wa Morrowind na Mtihani Wake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mchezo wa kompyuta wa The Elder Scrolls III: Morrowind (2002) unavyojenga historia ya ulimwengu wake wa kubuni kwa njia ya vitabu vinavyopingana ndani ya mchezo wenyewe. Mfano unaochambuliwa ni kifo cha Nerevar, shujaa ambaye nyaraka za mchezo huo hazikubaliani kuhusu namna alivyokufa. Makala inaonesha kwamba mpangilio huu unamhitaji msomaji anayepima mashahidi, na kwamba katika Kiswahili uamuzi wa mfasiri kuhusu kiambishi kimoja cha kitenzi unaweza kutoa hukumu ambayo waandishi wa mchezo waliizuia kwa makusudi. Mwisho inapendekezwa utaratibu wa tafsiri unaolinda tofauti za sauti badala ya kuzisawazisha.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya ndefu za kifantasia huzoea kupata vitu vitatu nje ya hadithi yenyewe: ramani katika kurasa za mwanzo, orodha ya nasaba na tarehe katika kurasa za mwisho, na faharasa ya majina. Juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka mwaka 1955, ndiyo iliyowazoesha wengi mpangilio huo kwa viambatisho vyake virefu. Msomaji huviendea viambatisho hivyo kwa imani. Akitaka kujua nani alitawala lini, anafungua ukurasa na kupata jibu, wala hajiulizi kama aliyeandika jedwali hilo alikuwa na sababu ya kudanganya.

Msomaji huyo anapohamia kwenye michezo ya kompyuta ya kifantasia, hukuta kitu kinachofanana na kiambatisho, nacho ni kodeksi: mkusanyo wa maelezo kuhusu watu, miungu, vita na mataifa, unaojazwa kadiri mchezaji anavyosonga mbele. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, kwa mfano, mchezaji akigusa sanamu au akiokota karatasi, ingizo jipya huongezwa kwenye orodha yake. Maingizo mengi yamepewa waandishi wa kubuni, miongoni mwao mtawa msafiri Brother Genitivi. Hata hivyo, ingizo likishaingia katika orodha huwekwa chini ya kichwa cha mada na kusomwa pamoja na mengine ya aina yake. Orodha yenyewe humshawishi msomaji kuliamini kama alivyoamini viambatisho vya riwaya.

Morrowind, mchezo uliotengenezwa na Bethesda Game Studios nchini Marekani, ulifuata njia nyingine. Ndani yake mna mamia ya vitabu, na kila kitabu ni kitu chenye mahali: kiko rafuni, mezani, dukani au kimefichwa. Mchezaji hukichukua mkononi, hukifungua na kugeuza kurasa. Kitabu kina mwandishi na wasomaji wake waliokusudiwa, na mara nyingi kuna mtu ambaye hangependa kisomwe. Hoja ya makala hii ni kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha mchezo, na kwamba mfasiri wa Kiswahili asiyeitambua ataiharibu bila kukosea hata neno moja.

2.0 Kesi Yenyewe

Mchezo unatokea katika kisiwa cha Vvardenfell, kinachokaliwa na watu waitwao Dunmer. Dini kuu ya kisiwa, inayoitwa Tribunal Temple, inaabudu miungu watatu walio hai: Vivec, Almalexia na Sotha Sil. Zamani watatu hao walikuwa binadamu wa kawaida kwa kadiri ya ulimwengu huo, tena washauri wa karibu wa jemadari Nerevar. Palitokea vita kuu katika Red Mountain dhidi ya taifa la Dwemer, taifa ambalo lilitoweka lote kwa mara moja. Vita vilipokwisha Nerevar alikuwa amekufa, na baadaye washauri wake watatu wakawa miungu. Mchezaji anaambiwa kwamba huenda yeye ndiye Nerevar aliyerudi. Kwa hiyo swali la jinsi Nerevar alivyokufa linamhusu mchezaji mwenyewe: ama anakwenda kukutana na marafiki zake wa zamani, ama na waliomuua.

Nyaraka mbili ndizo zinazobeba uzito wa kesi hii. Ya kwanza inaitwa The Battle of Red Mountain. Hiyo ni nakala ya maneno ya Vivec mwenyewe, aliyoyasema mbele ya kasisi mpinzani aliyekuwa akihojiwa pamoja na mahakimu wa baraza la kuchunguza uasi wa kidini. Kwa mujibu wa maelezo hayo, Nerevar alikufa kwa majeraha ya vita. Kabla ya kukata roho aliwaapisha washauri wake kwamba hawatatumia zana za Dwemer zenye uwezo wa kumfanya mtu kuwa mungu. Vivec anakiri kwamba baadaye walivunja kiapo hicho, lakini hakiri kuua.

Ya pili inaitwa Nerevar at Red Mountain. Inatokana na hifadhi ya siri ya Temple inayoitwa Apographa, na inajitambulisha kuwa ni usimulizi wa kitaalamu wa mapokeo ya Ashlander, yaani jamii za wafugaji wanaohamahama katika nyika za majivu. Mapokeo hayo yanasemekana kutoka kwa Alandro Sul, mbeba ngao wa Nerevar, aliyekwenda kuishi nao baada ya bwana wake kufa. Humo Nerevar hafi kwa majeraha. Anauawa na washauri wake watatu katika ibada ya kumwita mungu Azura, kwa sumu iliyotiwa katika mishumaa, katika mavazi na katika maneno ya dua yenyewe.

Tuzipime nyaraka hizi kama tunavyopima vyanzo vya historia. Ya kwanza ina faida ya kutoka kwa aliyekuwapo, ila huyo aliyekuwapo ni mshtakiwa, ni mtawala, na anazungumza mbele ya mtu aliye chini ya mamlaka yake. Ya pili haina maslahi ya wazi kwa upande wa Temple. Kinyume chake, inamdhuru aliyeihifadhi. Lakini imepita vinywa vingi kabla ya kuandikwa, na Ashlander wana sababu zao za kuichukia Temple iliyowatesa. Hakuna chanzo cha tatu kilicho safi. Kuna kitabu kingine, Progress of Truth, kilichoandikwa na makasisi wapinzani. Hicho kinaorodhesha mambo ambayo Temple inayatangaza hadharani na mambo ambayo Apographa inayasema, kisha kinaacha pengo kati ya orodha hizo mbili mikononi mwa msomaji. Mchezo unafika mwisho bila kutoa hukumu.

Mtafiti wa pwani yetu haoni jambo geni hapa. Historia ya Kilwa imetufikia katika muswada wa Kiarabu na katika muhtasari wa Kireno wa João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, na matoleo hayo hayakubaliani katika mambo kadhaa kuhusu watawala wa mwanzo. Aliyewahi kuyalinganisha anajua kazi ambayo Morrowind inamkabidhi mchezaji.

3.0 Hukumu Iliyofichwa katika Kiambishi

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Tuchukue sentensi sahili ya Kiingereza inayosema kwamba Nerevar alijeruhiwa vitani, kisha ikaunganisha kifo chake kwa neno la kawaida la kuunganishia. Kiunganishi hicho hakisemi kama kifo kilisababishwa na jeraha. Kinaweka matukio mawili kando kwa kando na kumwachia msomaji. Mfasiri wa Kiswahili ana njia angalau tatu mbele yake:

(a) Nerevar alijeruhiwa vitani, akafa.
(b) Nerevar alijeruhiwa vitani. Alikufa.
(c) Nerevar alijeruhiwa vitani na baadaye alikufa.

Sentensi (a) ndiyo inayokuja kwanza mdomoni mwa mzungumzaji yeyote, kwa kuwa -ka- ndicho kiambishi cha masimulizi. Lakini -ka- hakionyeshi mfuatano peke yake; mara nyingi hufanya tendo la pili lionekane kuwa tokeo la la kwanza. Aliyesikia (a) ameelewa kwamba jeraha ndilo lililoua. Sentensi (b) inakata uzi huo. Inaacha ukimya kati ya matukio mawili, na katika ukimya huo msikilizaji mwangalifu anaweza kuuliza kulitokea nini. Sentensi (c) inaweka muda mahali pa sababu.

Je, ipi ni sahihi? Jibu linategemea anayesema. Katika waraka wa Vivec, (a) inafaa sana, kwa kuwa Vivec anataka msikilizaji aamini kwamba jeraha liliua. Kiambishi hapo ni sehemu ya utetezi wake. Lakini sentensi ya namna hiyohiyo ikitokea katika kitabu cha mwanazuoni wa Dola ya kigeni, ambaye anaeleza tu yale aliyoyasikia pande zote, (a) inakuwa kosa. Mwanazuoni huyo hakusema lolote kuhusu sababu, na mfasiri amemtia maneno mdomoni. Mbaya zaidi, msomaji wa Kiswahili atakuta vyanzo viwili vinavyokubaliana pale ambapo katika lugha chanzi kulikuwa na kimoja tu. Shahidi ameongezeka aliyeletwa na sarufi.

Uteuzi wa kitenzi una athari hiyohiyo. Kufa hakusemi chochote kuhusu mtendaji. Kufariki kunaongeza heshima, na hivyo kunafaa kinywani mwa kasisi anayemtaja Nerevar kama mtakatifu wa Temple. Kuuawa kunathibitisha kwamba yupo aliyeua, hata asipotajwa. Mhariri anayependa usawa wa msamiati anaweza kuamua kwamba neno liwe moja katika vitabu vyote, kwa nia njema kabisa. Akichagua alifariki, mapokeo ya Ashlander yatapoteza makali ya shutuma yao. Akichagua aliuawa, kesi imekwisha kabla mchezaji hajafungua kitabu cha pili.

Ishara ya kosa la aina hii si ngumu kuiona. Mpe msomaji asiyeujua mchezo nyaraka zote mbili kwa Kiswahili, kisha muulize ni yupi anayemwamini na kwa nini. Akijibu mara moja bila kutaja nani anasema, tafsiri imeshaamua kwa niaba yake. Akianza kuuliza kuhusu mazingira ya mahojiano au kuhusu njia ambayo mapokeo yalipitia, tafsiri imefanya kazi yake.

4.0 Ramani Isiyo na Alama

Suala hilohilo la nani anajua nini linajitokeza pia katika ramani. Morrowind uliuzwa pamoja na ramani ya karatasi ya kisiwa kizima, na mchezo wenyewe haukumwekea mchezaji alama ya kumwonyesha aendako. Alama kama hiyo ilikuja na dira ya mchezo uliofuata katika mfululizo huo, Oblivion, mwaka 2006. Katika Morrowind mchezaji husikia maelekezo kwa maneno, daftari lake huyahifadhi, naye hutafuta njia kwa kulinganisha maneno hayo na ramani na mandhari.

Mfano wa kwanza kabisa unatosha. Mchezaji anateremshwa katika kijiji cha Seyda Neen na kupewa kifurushi akipeleke kwa mtu aitwaye Caius Cosades katika mji wa Balmora. Anaambiwa aende kwenye nyumba ya vinywaji iitwayo South Wall Cornerclub na kuuliza huko. Caius hakai humo. Ana nyumba yake jirani, na watu wa South Wall ndio wanaoweza kumwelekeza mgeni.

Kiswahili sanifu kinamlazimisha mfasiri kuchagua kati ya po, ko na mo. Akisema Caius yuko Balmora, amesema kile ambacho mtoa maelekezo anakijua: mtu huyo yupo upande huo, mahali hasa hapajatajwa. Akisema yumo South Wall Cornerclub, amemweka ndani ya jengo. Mchezaji atapanda na kushuka ngazi za nyumba hiyo akimtafuta mtu asiyekuwamo, na atadhani mchezo una hitilafu. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu hatuzingatii sana tofauti ya yupo na yuko. Katika mchezo ambao maneno ndiyo alama pekee ya njia, tofauti hiyo inabeba mzigo ambao katika michezo mingine hubebwa na mshale kwenye kioo.

5.0 Fumbo la Herufi Kumi

Kuna ushahidi mmoja zaidi katika kesi ya Nerevar, na huo unamjaribu mfasiri kuliko yote yaliyotangulia. Vivec si mtawala tu, ni mshairi pia. Kazi yake kuu ni The 36 Lessons of Vivec, mahubiri 36 yaliyotawanywa katika vitabu 36 kisiwani kote. Mwandishi wake halisi ni Michael Kirkbride. Mahubiri hayo yana lugha nzito ya mafumbo, na wachezaji wengi huyaacha baada ya kurasa chache.

Anayeendelea hadi hubiri la 36 na kuzisoma kwa mfuatano herufi za kwanza za aya zake, hupata maneno mawili ya Kiingereza: FOUL MURDER. Hubiri la 29 nalo lina orodha ya namba. Zikitumiwa kama ufunguo wa kuchagua neno moja moja katika mahubiri, hutoa ungamo kamili zaidi, lenye maana kwamba Vivec hakuzaliwa mungu, kwamba aliiba uungu kwa hiari yake, na kwamba alimuua jemadari wake. Mtu aliyekana mbele ya mahakimu amekiri katika kitabu ambacho waumini wanakisoma kila siku bila kukiona.

Mfasiri anayefuata maana ya kila aya peke yake atatoa hubiri la 36 lililo zuri na lisilo na ungamo. Hataona kosa lolote, kwa sababu hakuna sentensi iliyopotea. Kilichopotea ni shahidi wa tatu.

Hata hivyo Kiswahili kinaruhusu suluhisho. Fungu la maneno uuaji mwovu lina herufi kumi, sawasawa na maneno yale ya Kiingereza, na linabeba maana ileile. Mfasiri akikubali kuyaanza mafungu yake kwa U, U, A, J, I, M, W, O, V na U, ungamo litabaki. Herufi nyingi kati ya hizo hazina taabu. Kiambishi cha nafsi ya tatu kinatoa A kwa urahisi, ikawa au ikiwa inatoa I, na wakati inatoa W. J inaweza kuanza na jina, jioni au kiulizi je. V ina vita, na ina jina la Vivec mwenyewe. Ugumu uko katika O, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi hiyo ni machache mwanzoni mwa sentensi. Yapo amri kama ona na omba, na upo msemo wa onyo ole, ambao kwa bahati unalingana na lugha ya mahubiri kuliko ya hadithi ya kawaida.

Fumbo la namba ni gumu zaidi, kwa sababu Kiswahili hubana katika kitenzi kimoja kile ambacho Kiingereza hukieneza katika maneno matatu au manne. Namba za awali haziwezi kuhamishwa kama zilivyo. Lazima mfasiri atunge kwanza ungamo la Kiswahili, ahakikishe kwamba kila neno lake linapatikana katika hubiri husika, kisha ahesabu upya. Kazi hiyo haiwezekani iwapo mahubiri yamegawanywa kwa wafasiri kadhaa wasiowasiliana. Haiwezekani pia iwapo hubiri la 29 limetafsiriwa na kufungwa kabla ya mengine.

6.0 Mapendekezo

Mjadala wa tafsiri ya programu na michezo katika eneo letu umejikita zaidi katika istilahi, na mabaraza ya lugha yamekuwa yakihimiza istilahi moja kwa dhana moja. Kanuni hiyo inafaa kwa vitufe, menyu na majina ya vitu. Inafaa pia kwa majina maalumu ya ulimwengu wa kubuni, kwani msomaji akikuta Red Mountain ikitajwa kwa majina mawili atadhani ni milima miwili. Lakini ikivuka mpaka huo na kuingia katika vitabu vya ndani ya mchezo, inafuta ushahidi.

Tunapendekeza mambo matatu kwa wanaoandaa miongozo ya tafsiri. Kwanza, kila kitabu cha ndani ya mchezo kiambatane na karatasi fupi inayojibu maswali manne kabla hakijatafsiriwa: nani anasema, anamwambia nani, anajua nini kwa macho yake, na ana sababu gani ya kuficha. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kati ya -ka- na -li-, kati ya alikufa na aliuawa, kati ya yuko na yumo. Pili, nyaraka zinazopingana zikabidhiwe wafasiri tofauti wanaotumia orodha moja ya majina maalumu, na mhariri azuiwe kulainisha tofauti za mtindo baina yao. Mahubiri ya Vivec pekee yabaki mikononi mwa mtu mmoja, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya tano. Tatu, kabla ya kukamilisha, pafanyike jaribio la msomaji asiyeujua mchezo kama lilivyoelezwa katika sehemu ya tatu. Jaribio hilo halihitaji kompyuta. Karatasi mbili na nusu saa ya mazungumzo zinatosha.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Morrowind unamwachia mchezaji kesi isiyo na hakimu. Mshtakiwa anakana kwa nathari na kukiri kwa fumbo, mapokeo yanamshtaki kupitia kumbukumbu za adui zake, na ramani haisemi mahali jambo lilipo mpaka msomaji awe amesikiliza vizuri aliyemwelekeza. Kiswahili kina nyenzo zote za kubeba kesi hiyo: viambishi vinavyotofautisha mfuatano na sababu, viambishi vya mahali vinavyopima ujuzi wa msemaji, na msamiati unaoruhusu ungamo la herufi kumi kusimama mahali pake. Nyenzo hizo hizo, zikitumiwa kwa mazoea, humhukumu Vivec au humwachia huru kabla mchezaji hajamsikia. Mwongozo wa tafsiri usiouliza nani anasema utatoa vitabu sanifu visivyo na shahidi hata mmoja.